Somo: Kuandika barua pepe ya kugawa kazi ya wasilisho la kikundi

Somo hili linamhusu kiongozi wa kikundi cha chuo ambaye amepewa mada, tarehe ya kuwasilisha na wenzake wanne, na sasa anapaswa kuwaandikia barua pepe moja itakayowaeleza nani afanye nini, lini na kwa umbo gani. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: wasilisho la dakika 15 kuhusu awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, litakalofanyika Alhamisi, 20 Novemba 2025.

Hatua ya kwanza: gawa dakika kabla ya kugawa mada

Usizigawe dakika zote 15 kwa wasemaji. Watu watano wanapopokezana mbele ya darasa, kila mmoja hutumia sekunde kadhaa kusimama, kushika rimoti na kusalimu, kwa hiyo katika mfano wetu tunagawa dakika 13 na kuziacha mbili kwa ajili ya kupokezana. Si lazima kila mtu apate dakika sawa. Sehemu ya changamoto ndiyo mhadhiri atakayoiuliza zaidi, nayo inastahili dakika 4, ilhali hitimisho linatoshwa na dakika moja.

Hatua ya pili: andika mpaka wa kila sehemu

Hapa ndipo barua nyingi zinapokosea. Kiongozi huandika vichwa tu, yaani «Miundombinu» kwa mmoja na «Changamoto» kwa mwingine, kisha hushangaa kuona wote wawili wameleta slaidi za mafuriko ya Jangwani. Hakuna aliyekosea kati yao. Karakana ya mabasi ilijengwa hapo Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, hivyo ni miundombinu. Bonde hilo hufurika mvua zinapokuwa kubwa, hivyo ni changamoto. Aliyepaswa kuamua ni kiongozi, na alipaswa kuamua ndani ya barua yenyewe. Kwa sababu hiyo kila sehemu iandikiwe sentensi mbili: moja inayotaja swali ambalo sehemu hiyo inajibu, na nyingine inayotaja jambo ambalo mhusika asiliguse kwa kuwa ni la mwenzake.

Ili uijue mipaka inayogongana, chukua kila jambo kubwa la mada yako na ujiulize ni wajumbe wangapi wangeweza kudai kuwa ni lao. Likidaiwa na wawili, litaje kwa jina na umkabidhi mmoja.

Hatua ya tatu: panga tarehe kwa kurudi nyuma

Anza na siku ya kuwasilisha, kisha rudi nyuma: faili la mwisho siku moja kabla, mazoezi siku mbili kabla, maoni siku tatu kabla, faili lililounganishwa siku nne kabla, na sehemu za wajumbe siku tano kabla. Kila tarehe iwe na siku ya wiki, tarehe na saa. Katika saa, taja mchana au usiku na uongeze namba ya saa 24, kwa sababu mtu anayeona 8:00 kwenye simu yake anaweza kuisoma kuwa saa nane mchana ilhali wewe ulikusudia saa mbili usiku.

Hatua ya nne: kanuni chache za umbo zinazoweza kukaguliwa

«Slaidi ziwe nadhifu» si kanuni, maana kila mtu huona zake ni nadhifu. «Maandishi yasiwe chini ya ukubwa wa 24» ni kanuni, kwa kuwa mjumbe anaweza kuikagua mwenyewe kabla ya kutuma. Kanuni tano zinatosha. Zikizidi hapo hazisomwi.

Barua yenyewe

Mahali pa majina nimeweka herufi. Kichwa cha barua kinataja jambo linalotakiwa, ili hata asiyeifungua ajue kuwa anadaiwa jibu.

> Kichwa: Wasilisho la Mwendokasi: sehemu yako, na jibu kabla ya Jumanne 11 Novemba, saa 2 usiku
>
> Ndugu wajumbe,
>
> Habari za leo. Tunawasilisha Alhamisi, 20 Novemba. Tafadhali soma sehemu yako na ujibu «Nimekubali» au ueleze pingamizi lako kabla ya Jumanne, 11 Novemba, saa 2 usiku (20:00).
>
> A (dakika 2): Usafiri wa jiji ulikuwaje kabla ya 2016? Usieleze njia za mwendokasi.
> B (dakika 3): Njia na vituo vimepangwaje kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani? Taja karakana ya Jangwani ilipo, lakini usizungumzie mafuriko.
> C (dakika 3): Abiria hulipaje na mabasi huendeshwaje? Malalamiko ya abiria mwachie D.
> D (dakika 4): Ni nini kinachokwamisha huduma? Mafuriko ya Jangwani ni yako peke yako.
> E, yaani mimi (dakika 1): Hitimisho, slaidi ya kichwa na kuunganisha faili.
>
> Tarehe: sehemu zinifikie Jumamosi 15 Novemba, saa 2 usiku (20:00). Nitatuma faili lililounganishwa Jumapili 16, saa 12 jioni (18:00). Maoni yanifikie Jumatatu 17, saa 2 usiku (20:00). Mazoezi ni Jumanne 18, saa 10 jioni (16:00). Faili linafungwa Jumatano 19, saa 6 mchana (12:00).
>
> Umbo: tumia kiolezo nilichoambatisha, slaidi moja kwa kila dakika, fonti ya Arial, isiyo chini ya 24, chanzo cha kila picha na takwimu kiandikwe chini ya slaidi, jina la faili liwe kama `B_Njia_1.pptx`.
>
> Wenu, E.

Unapounganisha, bandika slaidi kwa kuchagua `Use Destination Theme`. Ukichagua `Keep Source Formatting`, kila sehemu itakuja na rangi zake na kiolezo ulichotuma hakitakuwa na kazi.

Maswali ya wajumbe

*Mwalimu, mjumbe asipojibu barua nifanye nini?*

Mpigie simu siku inayofuata baada ya muda wa kujibu kupita, usisubiri tarehe ya kuleta sehemu. Ndiyo maana barua ina tarehe ya kukubali iliyo mapema: katika mfano wetu, asiyejibu Jumanne anajulikana Jumatano, na bado zimebaki siku tatu za kumpa mwingine sehemu hiyo. Mkishakubaliana kwa simu, waandikie wote mabadiliko hayo kwa kujibu barua ileile, ili mgawanyo ubaki mahali pamoja.

*Sina kompyuta, natengeneza slaidi kwenye simu. Je, nitavunja kanuni za umbo?*

Huenda ukazivunja bila kujua, kwa kuwa simu isiyo na fonti iliyotajwa huweka nyingine na mistari huhama. Mwombe kiongozi akuruhusu kumpelekea maandishi na picha tu, huku ukionyesha yapi ni ya slaidi ipi, naye ayaweke kwenye kiolezo. Kiongozi anayejua kuwa ana mjumbe wa namna hiyo aliandike hilo kwenye barua tangu mwanzo.

*Kwa nini tusifungue faili moja la Google Slides tukaandika wote humo?*

Inawezekana, na kazi ya kuunganisha inaondoka. Hata hivyo, mwenye ruhusa ya `Editor` anaweza kuhariri slaidi za wenzake pia, kwa hiyo ongeza kanuni kuwa kila mmoja aguse slaidi zake tu, na marekebisho ya sehemu ya mwenzake yaandikwe kama maoni. Siku ya kufunga faili, wabadilishie wote wawe `Viewer`. Pakua pia nakala ya PDF, kwani mtandao wa ukumbini unaweza kukosekana.

*Mimi ni D na naona dakika 4 hazinitoshi. Nimwandikie nani?*

Jibu kwa wote, si kwa kiongozi peke yake, na useme dakika hiyo unayoitaka itoke kwa nani na kwa sababu gani. Dakika unayoongezewa lazima mwenzako apunguziwe, naye ana haki ya kulisikia ombi hilo kabla halijaamuliwa.