Kukagua lehemu kwa picha mbili: mfano wa sabufa ya Mikindani

Nililetewa sabufa kutoka Mikindani. Ikishapata moto inazima, ukiigonga inarudi. Ilikuwa imeshapita kwa fundi mwingine, ambaye alimwonyesha mwenyewe lehemu moja inayong'aa na kumwambia kazi imekwisha.

Hatua ya kwanza: chomoa umeme, kisha pima kapasita kubwa kwa mita mpaka volti zikaribie sifuri. Piga picha moja ya upande wa chini wa bodi, penye lehemu, kabla hujasafisha chochote. Flaksi, yaani dawa ya kusaidia lehemu ishike, ikiganda kwa rangi ya kahawia hukuonyesha fundi aliyetangulia alipita wapi, na huku kwetu pwani, ikichanganyika na vumbi na unyevu wa chumvi, shaba huanza kuota ukijani. Ukishaipiga, osha kwa spiriti ya aisopropili na mswaki laini.

Hatua ya pili: egemeza simu kwenye kopo ili umbali usibadilike, na uzime mwanga wake. Mulika kwa tochi kutoka ubavuni, karibu usawa wa bodi, upige. Hamishia tochi upande wa pili, upige tena. Hapa ndipo kazi ilipo: doa hubaki palepale katika picha zote mbili, lakini kivuli cha ufa huhama.

Hatua ya tatu: tafuta mguu wa kifaa uliolehemiwa kiwandani, wenye unene sawa na ule unaoukagua na ambao haujaguswa, uwe kipimo chako. Lehemu nzuri hupanda mguuni kama mteremko wa kichuguu, ikamalizikia nyembamba kwenye pedi, ile duara ya shaba ya bodi inayouzunguka mguu, na ncha ya mguu unaiona. Mbaya hukaa kama goroli, kingo zimejikunja kwa ndani, kwa sababu pedi au mguu haukupata moto wa kutosha. Usihukumu kwa mng'ao. Lehemu yenye risasi, ile ya 63/37, bati 63 kwa risasi 37, inayoyeyuka kwa nyuzi 183, hung'aa. Isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi na huonekana imefifia hata ikiwa nzima.

Kwenye sabufa ile, goroli inayong'aa ilikuwa kwenye mguu wa pili wa transfoma. Nilipolinganisha picha mbili, mguu wa tatu, uliofifia na ambao hakuna aliyeugusa, ulikuwa na pete nyembamba nyeusi kuuzunguka, na kivuli chake kilihama. Transfoma ni nzito, besi inaitikisa kila siku, lehemu inachoka.

Picha haioni ndani ya tundu, kwa hiyo niliweka mita kwenye mlio, ncha moja mguuni na nyingine kwenye njia ya shaba, nikaisukuma transfoma taratibu. Mlio ukawa unakatika na kurudi. Nilinyonya lehemu ya zamani kwenye miguu yote miwili, nikapaka flaksi, nikagusa mguu na pedi kwa pamoja sekunde tatu kwa nyuzi 350, kisha nikapiga tena picha mbili kutoka kwenye kopo lilelile. Pete haikuwepo.