Kutafuta logi kwa mkono: log₂ 64, log₁₀ 0.001 na ile inayokwama katikati

Ukikutana na log₂ 64, isome kama swali: 2 ipandishwe kwa kipeo gani ili tupate 64? Ile 2 ndogo ya chini ni kizio, na jibu unalotafuta ni kipeo. Wengi hukimbilia kugawanya 64 kwa 2 na kuandika 32. Lakini 2 kwa kipeo cha 32 inazidi bilioni nne, kwa hiyo jibu hilo haliwezi kuwa sahihi.

Hatua ya 1: gawanya kwa kizio mpaka ufike 1

```
64 → 32 → 16 → 8 → 4 → 2 → 1
```

Sasa hesabu mishale, usihesabu namba. Namba ziko saba, ila mara ulizogawanya ni sita, basi log₂ 64 = 6. Hakiki kwa kurudi nyuma: 2 × 2 × 2 ni 8, na 8 × 8 ni 64.

Hatua ya 2: namba ikiwa chini ya 1, zidisha

Kwa log₁₀ 0.001, kugawanya kwa 10 kutakupeleka mbali zaidi na 1. Geuza mwelekeo:

```
0.001 → 0.01 → 0.1 → 1
```

Mishale ni mitatu, na kwa kuwa umezidisha badala ya kugawanya, kipeo ni hasi: jibu ni −3. Anayehesabu sifuri zilizo baada ya nukta huona mbili tu na kuandika −2. Dawa yake ni kuandika namba kama sehemu: 0.001 ni 1/1000, na 1000 ni 10³, kwa hiyo 1/1000 ni 10⁻³. Alama ya hasi iko kwenye kipeo; 0.001 yenyewe inabaki kuwa chanya.

Hatua ya 3: ukiiruka 1, tafuta kizio cha pamoja

Chukua log₄ 8. Ukigawanya 8 kwa 4 unapata 2, ukigawanya tena unapata 0.5. Umeiruka 1, maana yake jibu liko kati ya 1 na 2. Hapa ndipo wengi huacha, ilhali 4 na 8 zote zinatokana na 2:

```
4ˣ = 8
2²ˣ = 2³
2x = 3
x = 3/2
```

Hakiki: kipeuo cha pili cha 4 ni 2, na 2³ ni 8.

Njia hii ina mpaka. Kwa log₂ 20, kizio cha pamoja hakipo, kwa kuwa 20 ni 2 × 2 × 5 na ile 5 haitokani na 2. Unachoweza kusema kwa mkono ni kwamba 20 iko kati ya 16 na 32, hivyo logi yake iko kati ya 4 na 5. Na ukiulizwa log₂ 0 au log₂ (−8), usianze kugawanya: 2 hata ukiipa kipeo hasi kikubwa namna gani, haifiki sifuri wala haivuki kwenda upande wa hasi.