Kichwa kinauma ukipaka rangi ya mafuta ndani: fanya hivi

Fundi mwenzangu alikuwa anapaka milango ndani ya nyumba. Ikifika saa sita kichwa kinamgonga, jioni akipata hewa safi kinapoa, kesho yake kazini kinaanza tena. Maumivu yenye mpangilio huo yanaelekeza kwenye mvuke wa thina. Tulirekebisha hivi.

1. Punguza thina. Mahali rangi ya maji inafaa, mimi sishiki ya mafuta. Thina mimina ya kutosha kazi iliyo mbele yako, kisha funika kopo. Matambara yaliyolowa yatoe nje.

2. Panga hewa. Fungua pande mbili za chumba. Feni ikae upande hewa safi inakoingilia, ikisukuma kuelekea dirisha la pili, nawe fanya kazi ukiwa umeipa mgongo. Usiiweke katikati ya mvuke, maana cheche ya mota inaweza kuuwasha. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo sehemu za karibu na sakafu zipake chumba kikiwa kimepata hewa vizuri.

3. Barakoa. Hapa ndipo penye kazi. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke hata ukivaa tatu. Unahitaji ya mpira yenye vichujio vya mkaa: vilivyoandikwa A na mstari wa kahawia, au vya mfumo wa Marekani vyenye mstari mweusi, OV. Ukipuliza rangi, ongeza kichujio cha chembe mbele yake.

Ukishaivaa, ziba vichujio kwa viganja na uvute pumzi taratibu. Ikinyonywa usoni na kubaki hivyo, imekaa. Ukihisi hewa pembeni ya pua, kaza upya. Mwenye ndevu haitamkaa, hapo ni kunyoa.

Mwenzangu barakoa alikuwa nayo, tena nzuri, ila baada ya kazi aliitundika msumarini kando ya makopo. Mkaa hauna likizo: usiku kucha ulikuwa unanyonya mvuke, asubuhi anavaa kichujio kilichokwisha kazi. Sasa anaifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuandika tarehe aliyofungua vichujio. Badilisha kwa ratiba ya mtengenezaji, na mapema zaidi penye joto na unyevu. Usingoje harufu, kwa sababu pua huizoea ikaacha kuisikia. Lakini ukiisikia ndani ya barakoa, toka ubadilishe.

Dawa ya kubandua rangi yenye kloridi ya methilini hupenya mkaa huu haraka, na mwilini hugeuka kuwa monoksidi ya kaboni. Ndani ya nyumba usiitumie kabisa.

4. Acha kazi ukipata kizunguzungu, kichefuchefu, au ukianza kuyumba kama mlevi. Toka nje. Mwenzako akichanganyikiwa au akizimia, mwite wa kukusaidia kumtoa, usimfuate peke yako kwenye chumba kilichojaa mvuke. Mpelekeni hospitali na mpige picha maandishi ya kopo, daktari atayahitaji.