Jinsi ya kuchagua sarafu ya vitabu vya kampuni: ya uendeshaji kwanza, ya uwasilishaji baadae

Watu wengi wakifungua vitabu vya kampuni wanafika pale programu ya uhasibu inapouliza sarafu kuu ni ipi, wanabonyeza sarafu ya nchi waliyosajiliwa wanasonga mbele, alafu miaka miwili baadae odita anauliza huo uamuzi mliufikiaje na hamna hata karatasi moja. Na programu nyingi zikishaingiziwa miamala hazikuruhusu tena kubadilisha hiyo sarafu. Nimeshakaa na wenzangu wiki nzima tukirudia vitabu vya kampuni moja kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo hapa naeleza nnavyoifanya mimi, hatua kwa hatua.

Kabla ya yote tenganisha vitu viwili. Sarafu ya uendeshaji ni ile ya mazingira ambako kampuni inaingiza na kutumia pesa zake hasa, na hii hauichagui kwa kupenda, unaitafuta kwenye ushahidi. Sarafu ya uwasilishaji ni ile ripoti inayoandikwa nayo ili wasomaji waielewe, hii ndo unaichagua, na standadi ya kimataifa IAS 21 inaruhusu sarafu yoyote, ila sheria ya nchi inaweza kukubana. Ukizichanganya hizi mbili kila kitu kinachofuata kinapinda.

Tuchukue kampuni moja ya kufikirika. Imesajiliwa nchi inayotumia yuro, ina meli moja ya mizigo, nauli zinapangwa kwa dola, mafuta ya meli yananunuliwa kwa dola, mkopo wa kununua meli ni wa dola, ila mishahara ya ofisini na pango vinalipwa kwa yuro.

Hatua ya kwanza, toa mikataba na ankara za mauzo za mwaka mzima, na kwa kila kundi jiulize bei inaamuliwa na sarafu gani. Hapa ndo watu wanateleza, wanaangalia sarafu iliyoandikwa kwenye ankara wanaishia hapo. Mteja mmoja anaweza kuomba aandikiwe ankara ya yuro, lakini ukifungua hesabu yake unakuta nauli ilikubaliwa dola elfu 60, ikageuzwa yuro kwa reti ya siku ile. Hiyo ni bei ya dola, yuro ni njia ya kulipia tu. Angalia pia ushindani na kanuni za nchi gani ndo zinasukuma hiyo bei, maana kuna bidhaa zinanukuliwa kwa dola dunia nzima, ila kampuni inauza soko la nyumbani tu kwa bei inayobanwa na washindani wa pale pale, na hapo dola inapoteza nguvu.

Hatua ya pili, fanya hivyo hivyo kwenye gharama: wafanyakazi, malighafi, huduma. Kwenye meli yetu mafuta na gharama za bandarini ndo sehemu kubwa, na ni dola. Mishahara ya yuro ipo, sikatai, ila ni ndogo ukiilinganisha.

Mauzo na gharama zikikubaliana, umeshapata jibu. Zikigongana, ndo unashuka kwenye ushahidi wa pili yake: mikopo na mtaji unatafutwa kwa sarafu gani, na makusanyo yanayobaki yanawekwa kwa sarafu gani. Kama kampuni ni tawi au ni mtoto wa kampuni nyingine kuna swali la ziada, inajiamulia yenyewe au ni mkono tu wa mama? Kampuni tanzu inayopokea bidhaa za mama, inaziuza na kurudisha pesa zote kwa mama, kwa kawaida inabeba sarafu ya mama. Bado picha ikiwa na ukungu, menejimenti inaamua kwa busara yake, lakini mauzo na gharama zina uzito kuliko hivyo vingine, usianze na mkopo kwa sababu tu ndo rahisi kuuona.

Hatua ya tatu, andika. Kurasa mbili tatu zinatosha: ushahidi ulioukuta, asilimia za mauzo na gharama kwa kila sarafu, uliyoyapima yakagongana, na uamuzi. Bodi iupitishe, weka tarehe, mpe odita kabla mwaka haujafungwa. Baada ya hapo ndo unaseti programu.

Sasa tuone kwa nini nasumbua watu na hili. Tuseme mwanzo wa mwaka yuro 1 ni dola 1.20, mwisho wa mwaka yuro 1 ni dola 1.00. Meli imenunuliwa mwanzo huo wa mwaka kwa dola milioni 9, mkopo dola milioni 6, uchakavu na nauli tuviache pembeni ili tuone kitu kimoja tu.

Aliyebonyeza yuro kama sarafu ya uendeshaji, meli yake inabaki yuro milioni 7.5, ile reti ya siku aliyonunua, maana meli sio pesa haigeuzwi tena kila mwaka. Ila mkopo ni pesa, unageuzwa kwa reti mpya, unatoka yuro milioni 5 unaenda milioni 6. Hasara ya yuro milioni 1 inaingia moja kwa moja kwenye faida na hasara. Hasara ya nini? Mkopo ni dola na unalipwa na nauli za dola, hamna aliyetoka mfukoni na senti zaidi, lakini benki ikisoma hiyo ripoti inashtuka.

Aliyefanya kazi yake akakuta dola, kwenye vitabu vyake mkopo ni milioni 6 mwanzo na mwisho, hamna hasara. Alafu wenye hisa wanataka ripoti ya yuro, sawa, hapo ndo sarafu ya uwasilishaji inaingia: mali na madeni yote kwa reti ya siku ya kufunga mwaka, mapato na matumizi kwa reti ya siku za miamala, au wastani kama reti haikuyumba sana. Meli inasomeka yuro milioni 9, mkopo 6, mtaji 3, wakati mwanzo mtaji ulikuwa milioni 2.5. Ile nusu milioni ya tofauti haigusi faida, inapita kwenye mapato mengine jumuishi, sehemu ya ripoti iliyo nje ya faida na hasara, na kukaa kwenye akiba yake ndani ya mtaji. Namba za mwaka jana ziache na reti za mwaka jana, nimeona watu wanazigeuza upya kwa reti ya leo, ni kosa.

Hatua ya mwisho ni maelezo kwenye ripoti. Sarafu mbili zikitofautiana, sema zinatofautiana, taja ya uendeshaji ni ipi, na toa sababu ya kuripoti kwa nyingine.

Na kubadilisha je? Ya uendeshaji inabadilika pale tu biashara yenyewe imebadilika, mfano meli imeuzwa na kampuni sasa inaendesha maghala kwa yuro, na unageuza kila kitu kwa reti ya siku ya badiliko na kwenda mbele, haurudi nyuma. Ya uwasilishaji ukiibadilisha ni badiliko la sera, unarudi kugeuza na miaka ya nyuma inayoonekana kwenye ripoti.