Somo: Kutoa rejista ya maamuzi kwenye shajara ya utafiti

Mtahini hana haja ya kusoma shajara yako nzima. Anataka kujua ulivyotoka kwenye maneno ya watu ukafika kwenye dhamira zako, na hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye rejista ya maamuzi, uamuzi mmoja mmoja. Nitatumia mfano wa mwanafunzi aliyewahoji akina mama karanga wa Likoni, wauzao samaki wa kukaanga, kuhusu kukopeshana.

1. Shajara usiiguse. Piga picha kurasa zote, zipe namba, basi. Ukiinakili upya ili ipendeze, umepoteza ushahidi wa mashaka uliyokuwa nayo.

2. Tafuta mahali ulipobadili mawazo, maana kurasa nyingi hazina uamuzi wowote. Ukurasa wa 31 mwanafunzi huyu aliandika: "Mama wa nane kaniambia, 'Mimi simdai, namsitiri.' Msimbo wangu wa deni haumtoshi." Msimbo ni jina fupi analokipa kila kipande cha mahojiano, na hilo la "deni" halikumtosha mama huyu. Uamuzi umeanzia hapo.

3. Uingize kwenye rejista, hivi:

Uamuzi 11, Machi 14. Kabla: msimbo mmoja, "deni". Baada: "deni" na "kusitiriana". Ushahidi: mahojiano 8, mistari 112–119, mahojiano 3, mistari 40–46. Sababu: anayesitiri haweki siku ya kulipwa wala hadai mbele za watu. Nilichokataa: kuyaita yote "mkopo", kwa kuwa kungefuta tofauti hiyo. Athari: nilisimba upya mahojiano 1–7, vipande sita vilihama. Shajara uk. 31.

Wengi huruka "nilichokataa". Tafadhali usikiruke, maana ndicho kinachoonyesha ulikuwa na njia nyingine mbele yako ukaipima.

4. Kila orodha ya misimbo ikibadilika, ihifadhi kama toleo jipya. Ya zamani usiifute.

5. Jaribu. Mpe mwenzako sentensi moja ya sura ya matokeo, arudi nayo nyuma hadi kwenye mistari ya mahojiano bila kukuuliza. Atakapokwama ndipo rejista ina tundu.

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, shajara yangu ina pengo la miezi miwili. Nijaze?

Jaza, lakini kwa tarehe ya leo, na uandike "kwa kumbukumbu". Taja kinachokusaidia kukumbuka, kama barua pepe za msimamizi au tarehe za mafaili. Rejista iliyobuniwa usiku mmoja hujulikana: kila sababu inaelekea kwenye matokeo, wala hakuna msimbo uliowahi kuachwa.

— Yangu ina majina ya watu, na hasira zangu juu ya mume wa mmoja wao. Niiambatishe?

La, dada. Ambatisha maamuzi matano au sita makubwa, watu wakiwa kwa namba. Lakini kama hasira hiyo ilikufanya usimbe maneno ya mkewe kwa namna fulani, huo ni uamuzi, uandike.

— Kwa hiyo rejista inathibitisha uchambuzi wangu ni sahihi?

Hapana, ndugu yangu. Inaonyesha njia tu. Mtahini anaweza kuifuata hadi mstari wa 112 na bado akasema hilo ni deni. Kumjibu ni kazi ya sura ya matokeo.