Fundi wa kulipwa kwa saa au bei ya kazi nzima? Geuza bei iwe saa

Fundi mmoja anataka 10 kwa saa, mwingine 75 kwa kazi nzima ya bomba linalovuja ndani ya ukuta. Usilinganishe 10 na 75. Kwanza toa vifaa kwenye ile 75, maana fundi wa saa atakudai vifaa kando. Vikiwa 15, ufundi unabaki 60, yaani saa 6 za yule wa kwanza. Sasa muulize huyo wa saa: mambo yakienda vizuri utatumia saa ngapi, na yakienda vibaya je? Akijibu 3 hadi 4, wa saa ni nafuu. Akijibu 3 hadi 9, mimi ningechukua bei ya kazi nzima, kwa sababu bomba lililofichwa huonyesha ubaya wake baada ya ukuta kubomolewa.

Ila hapo ndipo pa kuangalia. Mafundi wengi wa bei ya kazi nzima huhesabu wanachokiona tu. Muulize, na mwandikiane: kuziba ukuta na kupiga lipu kumo? Kukikutwa kipande kingine kimeoza, nani analipa? Akisema “tutaongea,” basi hiyo 75 ni bei ya kuanzia tu.

Kwa wa saa, uliza saa inaanza kuhesabiwa lini, na kama safari ya kwenda dukani kununua kiungio imo. Mkubaliane pia kwamba zikifika saa 5 za kazi, anasimama na kukueleza kabla ya kuendelea.