SOMO: Asubuhi ya operesheni umeambiwa usile, sasa vidonge vya presha na sukari unameza au unaacha?

Wadau habari zenu. Hili swali nakutana nalo kila siku kazini, niko upande wa dawa za usingizi. Mgonjwa anafika asubuhi na presha 190 kwa 110, unamuuliza umemeza dawa? anasema hapana, niliambiwa nisile kitu. Wa pili yake kameza zote kama kawaida, sukari iko chini na anatetemeka kitandani. Wote wawili operesheni inaweza kuahirishwa, na hakuna aliyekaidi, ila hakuna aliyewaambia kwamba kufunga ni habari ya tumbo na dawa ni habari nyingine, kila kidonge kinaamuliwa peke yake.

Leo naongelea presha na sukari tu maana ndio wengi.

Kwanza tujue tunafunga kwa nini. Ukilazwa usingizi koo linalegea, kilichomo tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Ndio maana kwa mtu mzima chakula kinakatwa masaa 6 kabla, kikiwa kizito au cha mafuta mengi kinaenda mpaka 8, na maziwa yanahesabika kama chakula hata yakiwa kwenye chai. Maji matupu yanapita haraka, sehemu nyingi wanaruhusu mpaka masaa 2 kabla (wengine wanakata saa 6 usiku kila kitu, fuata ulichoambiwa). Kidonge na funda moja la maji, tuseme vijiko viwili vya chakula, havijazi tumbo. Kwa hiyo tukikuambia acha dawa fulani, shida sio yale maji, shida ni kazi ya dawa yenyewe ukiwa umelala.

HATUA YA 1. Kama wiki moja kabla, toa dawa zako zote na maboksi yake weka mezani. Usisome lile jina kubwa la kampuni, soma jina dogo chini yake, ndio dawa yenyewe, na mara nyingi utakuta ni mawili kwenye kidonge kimoja. Mtu akiniambia "natumia ile nyeupe ya presha" hajanisaidia kitu, nyeupe ziko nyingi.

HATUA YA 2. Peleka maboksi kwa daktari au mtu wa usingizi siku ya kupimwa kabla ya operesheni, mwombe aandike pembeni ya kila dawa: meza au acha, na kuanzia lini. Hilo la kuanzia lini wengi wanalisahau, kuna dawa ukisubiri mpaka asubuhi ya siku yenyewe umeshachelewa.

HATUA YA 3. Zigawe. Hapa nikae kidogo.

Presha. Zenye majina yanayoishia na "olol", kama atenolol, bisoprolol, propranolol, unameza, na usikose. Moyo ukishazoea hizi halafu ukazikatisha ghafla unaanza kukimbia, na kukimbia kwa moyo wakati wa upasuaji ndio kunakoleta shambulio la moyo. Amlodipine na nifedipine nazo unameza.

Zinazoishia na "pril" (enalapril, lisinopril, captopril) na "sartan" (losartan, telmisartan, valsartan) hizi mara nyingi tunaacha masaa 24 kabla. Sababu ni kwamba dawa ya usingizi yenyewe inalegeza mishipa na presha inashuka, mwili unajitetea kwa homoni za kuibana tena, sasa losartan imeziba njia ya huo utetezi. Presha inadondoka na hata tukichoma dawa za kuipandisha inapanda kwa kusuasua. Angalia hapo, masaa 24. Kama losartan yako unameza usiku, unayoiacha ni ya usiku wa kuamkia operesheni. Watu wanaimeza saa 3 usiku halafu asubuhi wanatuambia wameiacha.

Za kukojoza, yaani furosemide na hydrochlorothiazide, kwa kawaida asubuhi hiyo unaacha, umefunga na maji mwilini yameshapungua. Mwenye moyo uliochoka au anayejaa maji asiamue mwenyewe, kwake mpango unaweza kuwa tofauti kabisa, kwenye hizi na kwenye pril na sartan.

Sukari, vidonge. Glibenclamide, gliclazide, glimepiride unaacha asubuhi hiyo. Hizi zinalazimisha kongosho kumwaga insulini hata kama hujala. Ukiwa macho sukari ikishuka utatokwa jasho, utatetemeka, utalalamika njaa. Ukiwa umelazwa usingizi hulalamiki, bila kipimo hakuna anayejua. Glibenclamide ndio naiogopa zaidi maana inakaa mwilini muda mrefu, na mwenye figo dhaifu inakaa zaidi. Metformin peke yake si rahisi kushusha sukari hivyo, lakini hujala kwa hiyo asubuhi kwa kawaida inarukwa nayo, inarudi ukianza kula na figo zikiwa sawa.

HATUA YA 4. Asubuhi yenyewe meza zile za kumeza kwa funda la maji, andika saa uliyomeza. Sio kwa chai wala juisi.

HATUA YA 5. Njoo na zote, mpaka ulizoacha, mwambie nesi nini umemeza saa ngapi na nini hujameza.

Sasa mfano tuuone unavyokwenda. Mama wa miaka 58, anatolewa kifuko cha nyongo saa 2 asubuhi. Moyo wake hauna shida. Dawa zake: atenolol 50 asubuhi, kidonge kimoja chenye losartan 50 na hydrochlorothiazide 12.5 asubuhi, metformin 500 asubuhi na jioni, glibenclamide 5 asubuhi. Jana yake asubuhi anameza zote kama kawaida maana anakula, ila kile cha losartan akimeze mapema, mpaka saa 2 ya kesho yake masaa 24 yametimia. Jioni anakula chakula chepesi na metformin yake. Saa 6 usiku chakula mwisho. Asubuhi saa 12 anameza atenolol peke yake na funda la maji, basi. Kile cha losartan anaacha, na kwa bahati zote mbili zilizomo ndani ni za kuacha, metformin anaacha, glibenclamide anaacha. Akifika anapimwa sukari, tuseme 7.8, tunaendelea na tunaipima tena wakati wa operesheni. Presha yake 150 kwa 90 haitutishi. Na mtu mwenye sukari aombe awe wa kwanza kwenye orodha, akipangwa saa 8 mchana kufunga kunakuwa kurefu na hesabu hii yote inabadilika.

Ulizeni.

—

Zuhura_M: Asante sana. Mimi kidonge changu kina amlodipine na telmisartan pamoja, si umesema moja nimeze nyingine niache? nikikate?

Jibu: Usikikate dada, kila kipande kitakuwa na zote mbili tu. Omba daktari akuandikie amlodipine peke yake ya asubuhi hiyo. Ikishindikana wengi wetu tutakuambia uache kidonge chote, kukosa amlodipine siku moja presha haitalipuka, kazi yake inaisha taratibu.

mzee wa kazi: Mkuu mbona mimi nilifanyiwa hernia nikaambiwa kabisa nimeze losartan na nikameza na niko hai? Mnatuchanganya.

Jibu: Hujadanganywa mzee wangu. Kwenye hili wataalamu wenyewe hawajakubaliana, kuna wanaoacha iendelee hasa operesheni ndogo au presha ikiwa ngumu kutulia, wakijua watapambana na kushuka kwa presha. Aliyekulaza ndiye anayejua mpango wake. Mimi ninachokataa ni mgonjwa kuamua nyumbani bila kumuuliza.

Neema88: baba yangu ni kesho saa 4 asubuhi na ndo ameshameza glimepiride sahivi usiku baada ya kula, kawaida yake ni asubuhi, kachanganya. Tufanyeje

Jibu: Pigeni simu wadi sasa hivi muwaambie, msisubiri kufika. Kama mna kipimo mpimeni kabla hajalala na usiku amkeni mrudie, asubuhi pia. Ikiwa chini ya 4, au akianza jasho, kutetemeka, kuongea visivyoeleweka, mpeni sukari iliyoyeyushwa kwenye maji matupu, sio maziwa, sio uji, pimeni tena baada ya dakika 15, na muwaambie mmempa nini saa ngapi. Hapo msiogope kuvunja saumu ya operesheni, operesheni inaahirishwa, ubongo uliokosa sukari hauahirishwi. Akishindwa kumeza au asipoamka vizuri msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na asubuhi asimeze nyingine.

Neema88: tumepiga wamesema aje saa 12 wamuwekee dripu. ubarikiwe

kiduku_tz: na wa sindano je? mama anachoma ile ya mchanganyiko 30/70 asubuhi na jioni

Jibu: Ya mchanganyiko ndani yake kuna ya haraka na ya taratibu, ya haraka inataka chakula. Utaratibu wa kawaida asubuhi hiyo ni nusu ya dozi, lakini nusu hiyo aipange daktari kwa sukari yake ya siku hizi. Ya haraka peke yake hachomi kama hali chakula. Ya muda mrefu, kama glargine, haiachwi, inapunguzwa kidogo, kama moja ya tano mpaka robo. Na aliyeanza sukari utotoni anayetegemea insulini kabisa, huyo asikae bila insulini yoyote hata kama hali kitu, damu yake itajaa asidi.

Fundi Selemala: Natumia empagliflozin, hujaitaja.

Jibu: Umenikumbusha jambo zito. Hiyo na dapagliflozin zinaachwa siku 3 kamili kabla, asubuhi ni kuchelewa. Zinatoa sukari mwilini kupitia mkojo, ukifunga juu yake mwili unaanza kuchoma mafuta na damu inaweza kujaa asidi huku kipimo cha sukari kinaonyesha vizuri tu. Ndio hatari yake, namba inakuambia uko salama. Mtu baada ya operesheni akatapika, tumbo likauma, akahema haraka na sukari ni 9, mwambie daktari kwamba alikuwa anatumia hii dawa ili apime ketoni, yaani hiyo asidi inayotokana na kuchoma mafuta.

Zuhura_M: Samahani narudi tena, mimi nachomwa ya mgongo sio ya kulala. Si naweza kunywa dawa zote na chai?

Jibu: Hapana dada. Ya mgongo nayo inashusha presha, tena ghafla, kwa hiyo telmisartan sheria ni ile ile. Na kufunga unafunga, kwa sababu sindano ikikosa kushika au operesheni ikirefuka tutakulaza.